Kitanzi Kisicho na Fundo

Chukua mto uliodariziwa kwa sindano ya kudunga, ugeuze, utafute ncha ya uzi upande wa nyuma, kisha uivute taratibu. Kitanzi cha kwanza kitatoka, cha pili kitafuata, na ndani ya muda mfupi ua zima lililokuwa limesimama juu ya kitambaa litakuwa uzi mmoja mrefu mkononi. Darizi hii haina fundo hata moja. Hakuna mahali uzi ulipojizungusha wenyewe, wala haukupita ndani ya kitanzi cha jirani kama unavyofanya kwenye sweta. Kila kitanzi kimechomekwa tu, kikabaki pale kwa sababu nyuzi za kitambaa zimekibana.

Kwa mtu aliyezoea kudarizi kwa sindano ya kawaida, au kufuma vitambaa vya makochi kwa kulabu, jambo hili linatia wasiwasi. Lakini ndilo linaloeleza karibu kila sharti la kazi hii: kwa nini kimo cha kitanzi hupangwa kabla ya kuanza, kwa nini mdarizi hukaa upande wa nyuma wa picha yake, na kwa nini kosa la mkono la sentimita moja tu linaweza kufuta kazi aliyoimaliza sekunde moja iliyopita.

Tuanze na chombo chenyewe. Sindano ya kudunga ina mpini, na mbele ya mpini kuna chuma chenye uwazi ndani. Uzi huingia kupitia mpini, ukapita ndani ya chuma, ukatokea kwenye tundu lililo karibu kabisa na ncha. Upande mmoja wa ncha umekatwa mshazari, na kwenye sindano nene kuna mfereji ulio wazi unaofuata urefu wa chuma. Sindano haivuki kitambaa na kutokea upande wa pili kama sindano ya fundi cherehani. Inazama mpaka mpini uguse kitambaa, inasukuma uzi kwenda chini, kisha inarudi juu peke yake. Uzi unabaki chini ukiwa umejikunja mara mbili. Hicho ndicho kitanzi.

Kwa hiyo kimo cha kitanzi hakitokani na nguvu ya mkono wala na ustadi. Kinatokana na urefu wa chuma kati ya tundu na mahali pa kusimamia, yaani mwanzo wa mpini. Katika jimbo la Vermont, Marekani, mdarizi wa mazulia Amy Oxford alibuni sindano yenye mpini wa mbao ambayo leo inatumika katika nchi nyingi, na kila saizi yake ina kimo kimoja kisichobadilika. Namba 10, ambayo wengi huanza nayo, hutoa kitanzi cha robo inchi, yaani takriban milimita 6. Namba ikipanda, kitanzi kinashuka, na mnunuzi asiyejua hilo anaweza kuagiza namba 14 akidhani atapata kitanzi kirefu, akapokea chenye kimo kifupi zaidi.

Sindano nyingine zina mpini wa plastiki wenye vidato vya kusogeza chuma mbele au nyuma. Na ziko zile nyembamba za Kirusi, zinazotumia uzi mmoja au michache tu ya kudarizi. Hizo hupangwa kwa kijibomba kidogo cha plastiki kinachovikwa kwenye chuma. Hapo pia hesabu inakwenda kinyume na matarajio: kijibomba kikiwa kirefu, kitanzi kinakuwa kifupi, kwa maana sehemu ya chuma iliyobaki wazi ndiyo inayozama. Mdarizi asiyeridhika na kimo hukata kijibomba kwa wembe, milimita moja baada ya nyingine, akijaribu kwenye kipande cha pembeni.

Kujaribu huko ni kwa lazima, maana kipimo cha chuma na kimo halisi cha kitanzi havilingani kabisa. Unene wa kitambaa hula sehemu yake. Uzi wa sufu ulionyumbulika ukiwa unavutwa ndani ya mpini hurudi nyuma ukishaachiwa, na kitanzi kinapungua kidogo. Uzi wa pamba hauna tabia hiyo. Ndiyo maana rangi mbili zilizodungwa kwa sindano ileile zinaweza kutofautiana kimo, endapo moja ni sufu na nyingine ni pamba.

Kimo kinaamua mambo mawili ambayo anayeanza haoni mapema. La kwanza ni uzi utakaokwenda. Kila mdungo hula kimo mara mbili, kushuka na kupanda, pamoja na hatua ya kwenda kwenye mdungo unaofuata. Kitanzi cha milimita 6 chenye hatua ya milimita 5 kinakula milimita 17. Ukifanya kitanzi kiwe milimita 12 na hatua ibaki ileile, kinakula 29. Katika mraba wa sentimita 10 kwa 10, wenye safu 20 za midungo 20, tofauti hiyo ni kati ya mita 6.8 na mita 11.6. Wengi huishiwa rangi katikati ya kazi kwa sababu walinunua uzi kwa kuangalia ukubwa wa kitambaa, wakasahau kimo.

Jambo la pili ni uimara. Kitanzi kifupi kinasimama wima, hakinaswi kwa urahisi na kidole cha mtoto, kucha ya paka au kifungo cha shati. Kitanzi kirefu kinalala, kinalainisha mchoro, na kila kinapokwaruzwa kinavutwa na mkono mrefu zaidi. Kwa mto wa kochi au kitambaa cha ukutani, milimita 6 inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Vimo virefu vinafaa kwa manyoya ya kondoo, petali za ua au nywele za mwanasesere, mahali ambapo ulaini wenyewe ndio mchoro.

Sasa tuje kwenye upande wa kukaa. Kwa kuwa sindano inasukuma uzi kwenda mbali na mdarizi, vitanzi vinaota upande asiouona. Mbele ya macho yake kuna mistari tu ya midungo midogo iliyolala, safi na bapa. Picha inakua chini ya fremu, na imegeuzwa kama mtu anavyojiona kwenye kioo.

Si kila mahali watu wameuchukulia upande huo wa chini kuwa ndio uso. Nchini Japani kuna darizi iitwayo bunka, inayotumia sindano ya jamii hiihii na uzi wa reyoni uliofumuliwa. Mdarizi wa bunka hukaa upande wa mbele, na picha yake ni ile midungo iliyolala. Vitanzi vinabaki nyuma ya fremu, havionyeshwi. Anaweza kuchora taswira yake jinsi ilivyo. Anayetaka vitanzi ndivyo viwe uso wa kazi ndiye anayepaswa kuchora kila kitu kinyume.

Kwa ua au jani, kinyume hakidhuru: jani lililoelekea kushoto litatazama kulia, na hakuna atakayelalamika. Kwa maandishi ni balaa. Tuchukue neno linalopendwa kuwekwa mlangoni na sebuleni, KARIBU. Herufi A, I na U zina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo mdarizi anaweza kuzichora bila kuzigeuza na asione kosa lolote. K, R na B hazisamehe. Zaidi ya hayo, mpangilio wa neno lote unapaswa kuanza kulia kwenda kushoto. Mtu anayegeuza herufi mojamoja kichwani huishia kugeuza tatu na kusahau ya nne.

Njia ya uhakika haihitaji kufikiri. Neno linaandikwa jinsi lilivyo kwenye karatasi nyeupe kwa kalamu nene. Karatasi inageuzwa, inabandikwa kwenye kioo cha dirisha mchana, uso wenye wino ukiwa umeelekea nje. Kitambaa kinawekwa juu yake, na mistari inayopenya kwa mwanga inafuatwa kwa penseli. Kinachoonekana kwenye kitambaa kitasomeka vibaya. Kikisomeka vizuri, kuna kosa.

Kitambaa nacho kina masharti. Kwa uzi mnene wa sweta, wadarizi wengi hutumia pamba iliyofumwa kwa nyuzi mbilimbili, yenye vijitundu 12 hadi 14 kwa inchi, inayonyumbulika na kujifunga. Hapa kwetu gunia la katani au la juti lililokuwa na kahawa linaweza kufanya kazi hiyo kwa uzi mnene, na katika Amerika ya Kaskazini ya karne ya 19 magunia kama hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa mazulia ya nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba juti hukauka na kukatika kadiri miaka inavyopita, na gunia lililotumika lina sehemu zilizolegea. Kwa sindano nyembamba na uzi wa kudarizi, marekani ya uzito wa kati inastahili kujaribiwa. Kanga ni nyepesi mno, na kaki iliyofumwa kwa kubanana hukataa sindano, au sindano inakata nyuzi zake badala ya kuzisogeza.

Kipimo ni hiki. Dunga bila uzi, toa sindano, kisha kwaruza tundu kwa ukucha mara mbili tatu. Tundu likijifunga, nyuzi zilisogezwa tu na zitarudi kubana kitanzi. Likibaki wazi, nyuzi zimekatika, na hakuna kitakachoshikilia uzi mahali pale.

Kisha kitambaa kinawambwa kwenye fremu. Neno linalofaa ni hilohilo la ngoma: kiwambwe mpaka kikipigwa kwa kidole kitoe mlio. Kitambaa kilicholegea huzama pamoja na sindano, tundu la sindano halifiki kina chake, na kitanzi kinatoka kifupi au hakitoki kabisa. Pete za kawaida za kudarizia hulegea kila baada ya dakika chache, hasa za mbao laini, kwa hiyo lazima kuvuta na kukaza tena. Fremu ya mbao iliyopigwa pini za stepla pande zote nne hukaa vizuri zaidi kwa kazi kubwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye tatizo linalowakatisha tamaa wengi siku ya kwanza: wanadunga safu nzima, wanageuza fremu, wanakuta vitanzi vitatu na pengo, viwili na pengo, au hakuna kitu.

Ili kuelewa, fuata uzi wenyewe wakati sindano inapopanda. Kitanzi kiko chini, kimebanwa kidogo na kitambaa. Sindano inarudi juu, na uzi unapaswa kuteleza ndani ya chuma bila kuvutwa. Ncha ikifika juu ya kitambaa, inatakiwa iburuzwe kwa hatua ndogo huku ikigusa nyuzi za kitambaa, kisha izame tena. Mdarizi aliyezoea sindano ya kawaida hufanya vingine: anainua mkono. Sindano ikiinuliwa sentimita mbili hewani, inadai sentimita mbili za uzi. Uzi huo lazima utoke mahali. Ukitoka kwenye bunda, hakuna neno, isipokuwa utabaki mlegeo juu ya kitambaa. Lakini kama kutoka kwenye bunda kuna ugumu wowote, utatoka mahali pepesi zaidi, nako ni kwenye kitanzi kilichodungwa sasa hivi. Kitanzi cha milimita 6 kina milimita 12 tu za uzi. Kinameza vyote na kutoweka.

Kwa hiyo makosa mawili hufanya kazi pamoja, mkono unaoinuka na uzi unaozuiwa, na mara nyingi la pili ndilo lililofichika. Bunda limebanwa na mguu wa kiti. Uzi umelaliwa na kiwiko. Umejizungusha kwenye mpini. Umepata fundo dogo la kiwandani lisilopita ndani ya chuma. Au ni mnene kuliko sindano, unapita kwa kusukumwa. Jaribio lake ni rahisi: shika uzi unaotoka kwenye tundu la ncha, uvute. Uteleze bila kuuhisi. Ukihisi kizuizi chochote, badili uzi au badili sindano. Na kabla ya kuanza safu, fumua mita kadhaa kutoka kwenye bunda, uziache zimelegea mapajani au mezani.

Uzi mwembamba mno nao una kasoro yake. Unateleza vizuri, vitanzi vinatoka, lakini tundu lililofunguliwa na chuma ni kubwa kuliko uzi, na kitambaa hakiwezi kuubana. Safu inaonekana nzuri kwenye fremu, kisha inamwagika kitambaa kinapofunguliwa.

Sababu ya mwisho ni mwelekeo. Upande wenye mfereji, au ule uliokatwa mshazari kwenye sindano nyembamba, unatakiwa utazame mbele, kule sindano inakoelekea, ili uzi ubaki nyuma ya sindano. Ukigeuka, sindano inakanyaga uzi wake yenyewe, inauburuza na kuutoa. Kwenye kona, sindano inageuzwa ikiwa imezama kabisa kitambaani, kamwe si ikiwa juu. Wapo wanaopendelea kugeuza fremu na kuacha mkono uendelee kwenda upande mmoja, na kwa mikunjo midogo ya herufi hiyo ni njia tulivu zaidi.

Upande wa nyuma unaotazamwa muda wote ndio unaosimulia yanayotokea mbele. Midungo iliyolala bapa, ikigusana kwa mstari, ina maana vitanzi vipo. Vijitanzi vinavyochungulia upande wa mdarizi ni dalili ya mkono ulioinuka au sindano iliyogeuka. Midungo ikiwa safi lakini vitanzi vya mbele vina vimo tofauti, sindano haikuzamishwa mpaka mpini. Hata hivyo, geuza fremu kila baada ya safu mbili au tatu mwanzoni. Safu mbaya inafutwa kwa kuvuta uzi na kuurudisha, matundu yanafungwa kwa ukucha, kisha inadungwa upya. Ila usirudie mara nyingi mahali pamoja, kwa kuwa nyuzi za kitambaa huchoka.

Turudi kwenye KARIBU, tuifanye kazi kamili. Kitambaa cha ukutani cha sentimita 40 kwa 25, herufi za urefu wa sentimita 10, kila mstari wa herufi ukiwa na upana wa sentimita moja na nusu. Herufi ziwe za milimita 9 ili zisimame juu ya uwanja wa milimita 6. Midungo ikiachana milimita 5, mstari wa herufi unaingia safu tatu. Pungufu ya safu mbili, vitanzi vya herufi huangukia pembeni na herufi inakatika. Herufi zote sita zina takriban sentimita za mraba 195. Uwanja unabaki na 805. Kwa hesabu ya awali, herufi zitakula kama mita 18 za uzi na uwanja kama mita 55, mbali na ncha zitakazokatwa. Kuongeza moja ya tano juu ya hapo ni busara.

Herufi zinadungwa kwanza. Uwanja ukitangulia, vitanzi vyake husukumana kuelekea nafasi iliyo wazi, na baadaye herufi hukuta njia yake imebanwa. Mdarizi anaanza na mzunguko wa nje wa herufi, akidunga ndani kidogo ya mstari wa penseli, kwa sababu kitanzi kinatanuka chini na kuvuka mstari. Midungo ya mzunguko inakaribiana zaidi, kama milimita 4, ili ukingo uwe thabiti, kisha katikati inajazwa. Safu ya kwanza ya uwanja inazunguka kila herufi kwa ukaribu, halafu zilizobaki zinafuata mkondo wowote.

Ncha ya mwanzo inaachwa sentimita tatu upande wa nyuma. Safu ikiisha, sindano inazamishwa mara ya mwisho, kidole kinabonyeza uzi juu ya kitambaa ili kitanzi kisifuate, sindano inatolewa taratibu na uzi unakatwa. Ncha zote mbili zinasukumwa kwenda mbele kwa ncha ya sindano, kisha zinakatwa kwa mkasi sawa na kimo cha vitanzi. Zikiachwa nyuma, siku moja kidole kitazipata.

Kazi ikijaa, kitu cha pili kinaanza kusaidia: vitanzi hubanana vyenyewe kwa vyenyewe. Ndiyo maana mdungo mmoja ulio peke yake hutoka kwa kuguswa, ila uwanja uliojazwa vizuri unastahimili. Lakini kuna mpaka. Ukikaza mno, kitambaa kinakosa nafasi na kujikunja kingo zake mara kinapotoka kwenye fremu. Ukiona sehemu inapinda, punguza safu moja kati ya tano badala ya kuipiga pasi kwa nguvu.

Je, gundi inahitajika? Zulia lililodungwa kwa sufu nene kwenye kitambaa kinachojifunga vizuri linaweza kukaa bila gundi. Kwa uzi mwembamba, wa pamba au wa reyoni, au kitambaa kitakachoshikwa mara kwa mara, ni afadhali kuweka kinga nyuma. Kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, kile mafundi wanachoweka ndani ya kola, kinatosha kwa kazi ndogo, ikiwa uzi wenyewe unavumilia joto. Uzi wa akriliki unaweza kuyeyuka na kulala. Gundi nyeupe ya nguo ipakwe nyembamba kwa brashi, ikiwa kitambaa bado kimewambwa, na isipenye mpaka mbele. Gundi ya mpira iliyo maarufu kwa mazulia huwa na kasoro ya kuzeeka: inakauka, inapasuka na kuwa unga, na wakati huohuo inazuia ukarabati, maana kitanzi kilichochakaa hakiwezi tena kuvutwa na kubadilishwa.

Kitanzi kimoja kikichomoka baadaye, kisivutwe wala kukatwa. Kinarudishwa kutoka nyuma kwa sindano ileile, mahali palepale, na mlegeo unaozidi unasambazwa kwa ncha kwenye vitanzi viwili vitatu vya jirani. Kitambaa kifuliwe kwa mikono kwenye maji ya baridi, kikamuliwe kwa kubanwa ndani ya taulo bila kusokotwa, kisha kianikwe kikiwa kimelala, vitanzi vikiwa juu.